Paswodi ya Ijumaa

Mama yangu, pale kwetu Mishomoroni, akiulizwa na majirani mimi nafanya kazi gani hujibu kwamba nafanya kazi ya ofisi, na hapo hufunga mdomo. Zamani alikuwa akisema ukweli, kwamba mwanawe ni mkaguzi wa hesabu, hadi mwenye duka la pembeni alipoanza kumpimia sukari mara mbili mbele ya macho yake na kumuuliza kama ameridhika. Mama aliona haya. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa ofisi tu.

Simlaumu mwenye duka. Popote ninapoingia na mkoba wangu, watu huacha mazungumzo katikati na kuanza kupanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa. Wanadhani nimekuja kutafuta mwizi. Nimeeleza hadi sauti imenikauka: sitafuti mwizi, natafuta pale mwizi angepita kama angekuja. Hawasikii. Na mimi, nakiri, si mtu wa subira. Nikieleza jambo mara ya tatu sauti hupanda yenyewe.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tunakagua kampuni ya malori Changamwe, ile kazi ya kutoa makontena bandarini na kuyapeleka bara. Ofisi zao zilikuwa ghorofani, juu ya karakana, kwa hiyo ukifungua dirisha unapata harufu ya grisi na ugomvi wa mafundi, na ukilifunga unapata joto. Walituwekea meza kwenye chumba cha wahasibu. Mwenye chumba alikuwa mhasibu mkuu, mzee wa Kisauni ya asili, mwembamba, mtaratibu, mwenye Kiswahili ambacho kilinifanya mimi mwenyewe, mzaliwa wa huku huku, nione nimekulia ugenini. Nikimwamkia shikamoo, hanijibu marahaba ikaisha. Lazima aulize mama hajambo, nyumba haijambo, joto la jana tulilistahamili vipi, ndipo aniruhusu kuuliza habari za hesabu.

Meza iliyotazamana na yake ilikuwa ya karani wa malipo, mtu wa bara, Msabato, bonge la mtu mwenye sauti ndogo. Walikuwa wamekaa wakitazamana hivyo tangu enzi za baba yake mkurugenzi wa sasa. Mzee akimwita "ndugu yangu", naye akimwita "Mzee" tu, lakini namna alivyolitamka ungedhani ni cheo. Mwezi wa Ramadhani karani alikuwa hali chochote mle chumbani mchana, ingawa hakuna aliyemwomba. Nilipomuuliza mbona anajitesa, aliniambia hawezi kutafuna mbele ya mtu ambaye amefunga, chakula hakishuki.

Malipo yote ya kampuni yalipita kwenye mtandao wa benki, na utaratibu wake ulikuwa umeandikwa vizuri kweli. Karani anaandaa malipo. Mhasibu mkuu anayakagua na kuyaidhinisha. Mkurugenzi anatoa idhini ya mwisho. Kila mmoja ana paswodi yake na kile kidude kidogo cha benki kinachotoa namba za siri. Watu watatu, na hakuna mmoja anayeweza kutoa pesa peke yake. Nikausoma utaratibu ule nikasema alhamdulillahi, leo nitarudi nyumbani mapema.

Hata hivyo utaratibu wa kwenye karatasi hautoshi, lazima uone kama watu wanaufuata. Nikaomba kumbukumbu za mtandao: nani aliidhinisha nini, saa ngapi, kwenye kompyuta ipi. Nikachagua malipo kadhaa ya kupima. La kwanza sawa, la pili sawa. Nilipofika la siku ya Ijumaa nikasita. Mzee alikuwa ameidhinisha malipo ya bandari saa saba mchana. Na mimi kwa macho yangu nilikuwa namwona kila Ijumaa akitoka na kanzu yake iliyopigwa pasi kabla hata ya adhana, maana alitaka safu ya mbele. Saa saba alikuwa anasikiliza khutba. Vidole vyake vilikuwa Changamwe vikibonyeza nini?

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nikazitazama Ijumaa nyingine. Zote vile vile. Na kuandaa, na kuidhinisha, na idhini ya mwisho, vyote vilitoka kwenye kompyuta moja, ya karani. Jumamosi mambo yalikuwa yamegeuka: kompyuta ni ya Mzee, na eti karani, Msabato ambaye Jumamosi hata gari haendeshi, ndiye aliyeandaa.

Niliwauliza wote wawili hapo hapo mezani, nikitegemea kuona jasho. Hakuna aliyetoa jasho. Wakanieleza kwa raha, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimaliza. Ada za bandari zisipolipwa Ijumaa au Jumamosi, kontena linalala huko na gharama ya kulihifadhi inapanda. Sasa Ijumaa mchana Mzee yuko msikitini. Afanye nini? Anamwachia ndugu yake paswodi na kidude. Jumamosi ndugu yake yuko kanisani, naye anamwachia Mzee vya kwake. Hivi ndivyo walivyoishi miaka yote bila mmoja kumkosesha mwenzake ibada. Karani aliniambia amefanya kazi sehemu nyingine kabla ya hapo, na kote alilazimishwa kuchagua kati ya Sabato na mshahara. Hapa hakuwahi kuulizwa.

Nilikuwa karibu kulia kwa jinsi lilivyo zuri. Kisha nikauliza kuhusu idhini ya mwisho. Karani akavuta droo akanionyesha bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kidude cha mkurugenzi, na paswodi yake imeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Mkurugenzi naye huswali Ijumaa, na siku nyingine huwa safarini, basi alikiacha pale zamani na hakuwahi kukiulizia.

Yaani wale watu watatu wa kwenye karatasi, kila Ijumaa walikuwa mtu mmoja. Angeweza kujiandalia malipo yoyote, akayakagua mwenyewe, akajipa idhini, na kufikia salamu ya mwisho ya swala pesa ziko mbali. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi nikijipepea na faili. Nilikuwa na hasira nao, hasira ile unayokuwa nayo kwa mtoto uliyemkuta amekaa ukingoni mwa kisima akiimba.

Ilibidi nipanue kipimo. Nilichukua malipo yote ya Ijumaa na Jumamosi ya mwaka mzima, nikayalinganisha moja moja na ankara, na hati za kutolea kontena, na taarifa za benki ambazo niliziomba benki yenyewe. Kazi hiyo ilinila vibaya. Kila lipo lilikuwa na kontena lake na kila kontena lilikuwa na mwenyewe. Sikuona hata shilingi iliyokwenda kombo. Nilipomaliza nilifurahi hadi nikawanunulia mbaazi na mahamri, wakala bila kujua wanasherehekea nini.

Furaha hiyo niliipeleka kwa bosi wangu, mkuu wa kampuni yetu ya ukaguzi, mtu wa Likoni asiyependa maneno mengi. Mwisho wa ukaguzi tunawaandikia wakubwa wa kampuni barua ya kuwaeleza udhaifu tulioukuta katika utaratibu wao wa ndani. Kila jambo lina tulichokiona, hatari yake, ushauri wetu, na nafasi ya wao kujibu nani atarekebisha na lini. Pembeni tunaweka kipimo cha hatari: nyekundu ni juu, manjano ni wastani, kijani ni chini. Barua huwa kwa Kiingereza, ila ugomvi wake wote hufanywa kwa Kiswahili. Nikamwambia bosi labda hili tuliweke manjano, maana hakuna kilichopotea.

Akaniuliza, je, karani huyu akihama kesho na kiti chake akakikalia mwizi, nini kitamzuia? Nikafikiri. Mkurugenzi hakuwa akisoma taarifa za benki. Ulinganisho wa vitabu na benki wa mwisho wa mwezi aliufanya Mzee, ambaye ni mmoja wao. Nikajibu, hakuna. Akasema basi ni nyekundu, tunapima mlango, hatumpimi aliyepita. Akarudi kwenye chai yake.

Tukatuma rasimu ili waisome kabla ya kikao. Kesho yake Mzee alinisubiri chini ya ngazi, na kwa mara ya kwanza hakuniulizia mama. Alinieleza jambo nisilolijua. Mkurugenzi, kijana yule, alipomrithi baba yake, alisikia habari za kampuni fulani ya jirani iliyoibiwa, akabandika tangazo kila chumba: atakayempa mwenzake paswodi, siku hiyo hiyo aende nyumbani. Nilikuwa nimeliona lile tangazo. Lilikuwa limefifia, na mtu alikuwa amelitundikia kalenda. Mzee alibakiza mwaka mmoja astaafu. Akifukuzwa kwa kosa la nidhamu, kiinua mgongo ambacho kampuni ilimwahidi kwa utumishi wake hakipo tena, na ile nyumba ya Kisauni anayoiezeka kidogo kidogo itabaki na maturubali. Na ndugu yake angekwenda naye, akatafute upya mwajiri wa kumwachia Sabato yake.

"Mwanangu," akaniambia, "itie manjano. Yeye husoma nyekundu tu."

Nilimpenda mzee yule, na hakuna kinachonikasirisha kama kuombwa na mtu ninayempenda jambo nisiloweza kumpa. Nikamjibu kwa ukali kuliko nilivyotaka. Nikamwambia rangi ile si yangu kuigawa, na kwamba leo nikiipunguza kwa ajili yake, kesho nitaipunguza kwa ajili ya mwizi. Alitikisa kichwa polepole, akaniambia nimesema sawa, akapanda ngazi. Afadhali angenitukana.

Jioni ile nyumbani mama alinitilia wali, akanitazama, akaondoa sahani bila kuuliza. Nilikuwa nimejifungia na ile rasimu. Kipimo sikukigusa. Lakini niliyasoma maneno tena na tena, nikahakikisha mambo mawili yamekaa wazi bila kona: kwamba malipo yote ya siku hizo tuliyapima na yote yalikuwa halali, na kwamba vidude vilivyokuwa mikononi mwa karani ni vyote, vya ngazi zote. Hayo yalikuwa ukweli na yalikuwa yamo tangu mwanzo. Kama mkurugenzi husoma rangi tu, basi shida yake ni hiyo.

Siku ya kikao tuliketi kwenye chumba cha wakurugenzi: mkurugenzi kichwani, Mzee na karani upande mmoja, mimi na bosi wangu upande wa pili. Mkurugenzi alikuwa mtu mchangamfu, shati lake limenyooka, simu mbili mezani. Alipenda kuanza na mepesi, kwa hiyo tulianza na kijani, jambo dogo kuliko yote: hela za chai ya asubuhi hazina risiti. Hapo, jamani, ndipo palipochukua muda. Mkurugenzi alitaka kujua mama wa mahamri atatoaje risiti. Karani akasema mama mwenyewe huhesabu kwa kuangalia beseni. Bosi wangu akapendekeza daftari dogo la kusainiwa na mlaji mmoja. Mkurugenzi akauliza kama mlaji anasaini kabla au baada ya kula. Walijadiliana kwa bidii nami nikatamani kupiga meza, maana nyekundu ilikuwa inatusubiri na Mzee alikuwa hajainua macho tangu aingie.

Hatimaye mkurugenzi akafungua ukurasa ule. Uchangamfu ukamtoka. Akasema hili amelisoma na limemuumiza, maana tangazo liko ukutani na kila mtu analijua. Akataka tumpe majina. Bosi wangu akamjibu kwamba hatuandiki majina, tunaandika utaratibu. Mkurugenzi akasema basi atayatafuta mwenyewe, na aliyetoa paswodi, awe ni nani, awe amemlea yeye magotini, ataandikiwa barua leo.

Karani akasimama. Akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba majina hayatafutwi, yeye yupo, na kama ni kwenda nyumbani aende yeye, Mzee abakishwe amalizie mwaka wake. Mzee akamvuta shati akae, hakukaa. Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa meza.

Bosi wangu hakupandisha sauti. Alimwomba mkurugenzi, kwa heshima zote, asome aya ya pili kwa sauti, wote tusikie. Mkurugenzi akaanza kuisoma kwa haraka, kisha akapunguza mwendo. Alisoma kwamba malipo yote ya Ijumaa na Jumamosi yalipimwa na hayakukutwa na dosari. Akamtazama karani aliyesimama. Akaendelea. Alisoma kwamba vifaa vya idhini vya ngazi zote tatu, pamoja na cha idhini ya mwisho, hutunzwa na mwandaaji wa malipo. Aliirudia sentensi ile moyoni, midomo ikicheza.

"Cha mwisho ni changu," akasema.

Hakuna aliyemsaidia. Karakana nayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imetulia.

"Basi wa kwanza kwenda nyumbani leo ni mimi."

Mzee ndiye aliyejibu. Alimwambia, kwa upole ule wa mtu aliyemjua tangu ananyonya kidole, kwamba aende tu kwa amani, ila kwanza atuoneshe nani atatia sahihi barua za kuwafukuza wao waliobaki. Bosi wangu, ambaye nimefanya naye kazi miaka bila kumwona meno, akacheka hadi akakohoa. Mkurugenzi akajizuia, akashindwa. Alicheka ameufunika uso kwa mikono, na alipoiondoa masikio yake yalikuwa mekundu kuliko barua yetu.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri. Wakakubaliana malipo ya bandari ya Ijumaa yaandaliwe Alhamisi na kumalizwa kabla ya watu kwenda msikitini. Meneja wa usafirishaji, ambaye hayumo katika uandaaji, apewe paswodi yake mwenyewe na kidude chake, awe kaimu wa kuidhinisha Mzee asipokuwepo. Jumamosi msaidizi mwingine aandae badala ya karani, kwa jina lake mwenyewe. Kila mwezi mkurugenzi asome taarifa ya benki na kuisaini. Paswodi zote zibadilishwe siku ile ile. Mkurugenzi bado alimuuliza bosi wangu kama sasa tunaweza kuishusha iwe manjano. Bosi akamwambia itashuka mwakani, tukija tukakuta yamefanyika. Kwenye nafasi ya kuandika nani mhusika wa kurekebisha, mkurugenzi alichukua kalamu akaandika cheo chake mwenyewe. Kuhusu adhabu hakuandika neno, ila alimwambia karani akae, chai inapoa.

Tulipotoka niliwakuta wale wawili kwenye ujia, wamesimama. Mzee aliniita. Nilidhani atanishukuru, nikajiandaa kukataa shukrani. Akaniuliza kama ningekuta lipo moja bovu, la Ijumaa moja tu, ningeliandika. Nikasema ningeliandika.

"Na jina lililoidhinisha lingekuwa langu."

Nikasema ndiyo, lingekuwa lake, na hakuna ambaye angeamini alikuwa msikitini.

Niliona jambo likimwingia polepole, jambo ambalo barua yangu yote yenye rangi haikuweza kumwingizia. Akamgeukia mwenzake.

"Kila Ijumaa nilikuwa nakuachia shingo yangu," akasema. "Wallahi sikujua."

"Mimi nilijua, Mzee," karani akamjibu. "Ndiyo maana sikuwahi kubonyeza bila kumwomba Mungu kwanza."

Mzee akamshika mkono, wakateremka ngazi, na mimi nikarudi chumbani kukusanya mafaili yangu.